Fomu ikikubali namba ya kadi, bado hujathibitisha kitu: mwongozo kwa walio ughaibuni

Kwa kila anayetuma fedha moja kwa moja kwenye kadi ya ndugu, onyo linatangulia. Ile alama ya kijani inayotokea pembeni mwa kisanduku ukimaliza kuandika namba ya kadi haisemi kwamba kadi hiyo ipo. Haisemi ni ya mtu uliyemkusudia. Inasema jambo moja tu, kwamba tarakimu ulizoandika zimepita hesabu ndogo ya kujumlisha, na hesabu hiyo ina mianya inayojulikana. Wengi hunaswa hapo, kwa sababu ugenini tumezoea kuamini kwamba kompyuta ikinyamaza basi kazi imekwenda sawa.

Kuandika namba mnakujua. Tuanze na jinsi ilivyopangwa.

Kadi nyingi zina tarakimu 16. Za American Express zina 15, na kiwango cha kimataifa kinachosimamia namba hizi, ISO/IEC 7812, kinaruhusu mpaka 19. Tarakimu za mwanzo humtambulisha aliyetoa kadi. Visa huanza na 4. Mastercard huanza kati ya 51 na 55, au kati ya 2221 na 2720. American Express huanza na 34 au 37. Zamani utambulisho huo ulichukua tarakimu sita za kwanza, lakini toleo la mwaka 2017 la kiwango hicho liliuongeza hadi nane. Kutokana na tarakimu hizo, tovuti hujua benki iliyotoa kadi na nchi yake kabla hujabonyeza chochote. Ndiyo maana kadi ya nyumbani inaweza kukataliwa papo hapo na duka la ugenini hata kama ina fedha tele: duka limeamua halipokei kadi za nchi ile. Hapo kosa si la namba, na kuiandika upya mara tano hakutasaidia.

Tarakimu za katikati hupangwa na benki yenyewe kumtambulisha mteja. Usizichanganye na namba ya akaunti, ambayo kwa kawaida ni nyingine kabisa. Ndugu akiambiwa "nitumie namba", mara nyingi hutuma ile aliyoizoea ya akaunti. Hatumlaumu, ila mwambie wazi: namba ndefu iliyoandikwa kwenye kadi. Na benki ikimpa kadi mpya kwa sababu ya zamani kupotea, namba hubadilika ingawa akaunti ni ileile. Namba ya mwaka jana iliyohifadhiwa kwenye simu yako si ya kuaminiwa.

Tarakimu ya mwisho kabisa haimtambulishi mtu. Hiyo ni tarakimu ya ukaguzi, na hupatikana kwa kukokotoa zote zilizoitangulia. Kanuni yake ilibuniwa na Hans Peter Luhn, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi IBM. Aliiombea hataza mwaka 1954, akaipata mwaka 1960, na alichokichora kilikuwa kifaa kidogo cha mkononi cha kukagua namba. Yaani hesabu hii ilikusudiwa kumkamata karani aliyeteleza kidole. Haikukusudiwa kumkamata mwizi, wala kuthibitisha mwenye kadi.

Tuikokotoe kwa namba ya majaribio ambayo waandishi wa programu za malipo huitumia, isiyo na akaunti ya mtu yeyote nyuma yake. Anza kulia. Tarakimu ya mwisho iache kama ilivyo, inayofuata kushoto izidishe kwa mbili, inayofuata iache, nyingine izidishe, hivyo hivyo hadi mwanzo. Jibu la kuzidisha likivuka 9, toa 9. Mstari wa juu ni namba yenyewe, wa chini ni matokeo:

```
4 0 0 0   0 5 6 6   5 5 6 6   5 5 5 6
8 0 0 0   0 5 3 6   1 5 3 6   1 5 1 6
```

Kundi la kwanza linatoa 8, la pili 14, la tatu 15, la nne 13. Jumla ni 50. Ikiwa jumla inagawanyika kwa 10 bila baki, namba imepita. Namba ilipotungwa, tarakimu 15 za mwanzo zilitoa 44, kikatafutwa cha kuongeza ili ifike 50, ikapatikana 6. Hiyo 6 ndiyo tarakimu ya ukaguzi.

Sasa tuone inakamata nini. Ukikosea tarakimu moja, yoyote ile, itakukamata daima. Kundi la pili likiandikwa 0586 badala ya 0566, ile 8 inazaa 7 mahali palipokuwa na 3, jumla inakuwa 54, na fomu inakataa. Hili lina faida kubwa kwetu tunaosomeana namba kwa sauti, kwa maana "nne" na "nane" kwenye simu yenye mwangwi ni mapacha. Kubadilishana kwa tarakimu mbili zinazofuatana nako hukamatwa karibu kila mara: 0566 ikiwa 5066, jumla inashuka hadi 46. Hiyo ndiyo sababu ya kuzidisha moja na kuacha nyingine. Kama zote zingejumlishwa tu, 05 na 50 zingekuwa kitu kimoja.

Nimesema karibu kila mara, na hapa ndipo pa kukaza macho.

Mwanya wa kwanza ni 09 na 90. Sufuri ikizidishwa ni sufuri. 9 ikizidishwa ni 18, ukitoa 9 inabaki 9. Kwa hiyo ukizipindua, jumla haitikisiki. Ni jozi hii moja tu, ila ipo. Mwanya wa pili ni tarakimu pacha: 22 ikiandikwa 55, 33 ikiandikwa 66, au 44 ikiandikwa 77, au kinyume chake. Tazama kundi la tatu hapo juu. 55 inatoa 1 na 5, jumla 6. Iandike 22: inatoa 4 na 2, jumla 6 vilevile. Namba imekuwa nyingine, na fomu imekubali.

Mwanya wa tatu ndio mbaya zaidi kwa mtu anayepokea namba kwa ujumbe au kwa simu, na watu wachache wanaujua. Hesabu haitambui mpangilio wa makundi. Rudia jumla zile: 8, 14, 15, 13. Ukiandika kundi la tatu kabla ya la pili, unajumlisha 8, 15, 14, 13, na jibu ni 50 palepale. Kwenye kadi ya tarakimu 16, makundi yote ni ya tarakimu nne, kwa hiyo kuyahamisha hakubadilishi ni tarakimu ipi inazidishwa. Ndugu anayekutumia namba vipande vipande, jumbe nne tofauti, na ya tatu ikafika kabla ya ya pili, amekupa namba ambayo fomu itaipokea bila kunung'unika. Narudia: itaipokea. Kadi za American Express ziko salama kidogo kwa hili, kwa kuwa makundi yake ni ya 4, 6 na 5, na mtu huona mara moja kwamba yamekaa vibaya.

Ukinunua kitu dukani mtandaoni, kosa la namna hii kwa kawaida halikuumizi. Baada ya hesabu, ombi huenda kwa benki iliyotoa kadi, na tarehe ya mwisho wa kadi na zile tarakimu tatu za nyuma hazitalingana. Tarakimu hizo tatu hukokotolewa na benki kwa ufunguo wa siri, hazihusiani kabisa na kanuni ya Luhn. Lakini kutuma fedha kwenda kwenye kadi ni habari nyingine. Huko mara nyingi huombwi tarehe wala tarakimu za nyuma, kwa sababu unaweka fedha, huchukui. Na jina unaloandika linaweza lisilinganishwe na jina lililoko benki. Ulinzi uliobaki ni ile jumla tu, na umeshaona inavyopitwa.

Unaweza kutofautisha makosa kwa muda yanapotokea. Kisanduku kikigeuka chekundu kabla hujabonyeza kutuma, hesabu imekataa: soma upya namba, tarakimu kwa tarakimu. Ukikataliwa sekunde chache baada ya kubonyeza, hesabu ilipita na aliyekataa ni benki au kampuni ya malipo. Hapo usibadilishebadilishe tarakimu kwa kubahatisha. Kati ya kila namba kumi zilizotungwa ovyo, moja hupita hesabu hii, na majaribio mengi mfululizo hufanya mfumo ukufungie ukidhani wewe ni tapeli. Wahudumu wa ugenini nao, pamoja na upole wao wote, husoma kilichoandikwa kwenye skrini: wakiona namba "sahihi" watakuambia ni sahihi. Waulize hasa, ni benki iliyojibu au ni fomu?

Namna ya kupokea namba bila ajali ni hii. Ndugu aisome kutoka kwenye kadi yenyewe, si kutoka kichwani. Ataje na nafasi ya kundi: kundi la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Asiseme "tano mara mbili", aseme "tano, tano". Kisha wewe umsomee yote, naye afuate kwa kidole kwenye kadi. Kinyume chake hakifai, kwa sababu akirudia yeye, wewe utasikia ulichokwisha kuandika. Kagua kwa makusudi kila palipo na 0 jirani na 9, na kila tarakimu iliyojirudia.

Picha ya kadi asitume, hata kama ni mama mdogo na hana nia mbaya. Picha ya mbele hutoa namba, jina na mara nyingi tarehe. Hata sehemu ya namba ina uzito: mwenye tarakimu sita za kwanza na nne za mwisho amebakiwa na sita za kubahatisha, ambazo ni michanganyiko milioni moja, na hesabu ya Luhn inampunguzia hadi laki moja.

Mara ya kwanza kutuma kwenye namba mpya, tuma kiasi kidogo, kisha subiri mwenye kadi aone fedha kwenye taarifa ya akaunti yake mwenyewe ndipo utume kilichobaki. Neno "imekamilika" kwenye simu yako halitoshi. Ikiwa kiasi kikubwa kimeshakwenda kusikojulikana, pigia huduma uliyotumia siku hiyohiyo ukiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala, namba ya kadi uliyoandika na namba uliyokusudia, zikiwa zimeandikwa moja juu ya nyingine ili tofauti ionekane.