Kitanda cha saipresi: jinsi ya kupima istihsani na maslaha kwa mfano mmoja

Nafundisha fikihi jioni hapa Kisumu, na kila mwaka darasa hukwama mahali pamoja. Mwanafunzi akisikia "istihsani" hudhani maana yake ni mufti kuchagua analolipenda, kisha anashangaa Imamu Abu Hanifa alilikubalije. Siku hizi situmii tafsiri ya istilahi. Natumia kitanda.

Hatua ya 1: Eleza tukio bila hukumu. Umeenda kwa fundi soko la Kibuye. Unataka kitanda cha saipresi, futi 5 kwa 6, mbao ni zake. Bei ni shilingi 18,000. Unamtumia 9,000 kwa M-Pesa, nyingine utalipa ukikichukua baada ya wiki mbili. Kitanda hakipo bado. Hata mbao huenda hajanunua.

Hatua ya 2: Taja kanuni kabla hujafikiria kuiacha. Hapa ndipo wengi huruka. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichonacho. Bidhaa isiyokuwepo inaruhusiwa kwa mlango wa salam, na humo bei hulipwa yote pale pale mkataba unapofungwa. Wewe umelipa nusu. Kwa kiyasi, basi, yaani kwa kulipima jambo jipya na kanuni iliyokwishathibitika, mkataba huu haufai. Liandike hilo daftarini kwa wino. Asiyejua kiyasi anachokiacha hawezi kusema amefanya istihsani, maana istihsani ni kuacha kiyasi kilicho wazi kwa ajili ya dalili yenye nguvu zaidi.

Hatua ya 3: Uliza, dalili hiyo ni ipi? Mahanafi wanajibu: watu wameagiza vitu kwa mafundi kizazi baada ya kizazi, na wanazuoni hawakukataza. Mazoea hayo kwao yana uzito wa ijmai, yaani makubaliano ya wanazuoni, ndiyo maana wakauruhusu mkataba huu, unaoitwa istisnaa. Si wote, lakini: Zufar, mwanafunzi wa Abu Hanifa mwenyewe, alishikilia kiyasi. Dalili nyingine wanazozikubali ni nassi, yaani andiko la Kurani au Hadithi, kisha dharura, na kiyasi kilichofichika. "Naona ni vizuri" haimo kwenye orodha.

Hatua ya 4: Msikilize Shafii kwa haki. Wengi wetu hapa ni Mashafii, kwa hiyo hatua hii naikawiza. Shafii, aliyefariki mwaka 204 Hijria (820), aliita istihsani kujifurahisha tu. Mfano wake ni kibla. Aliye mbali na Makka hageuki anakopenda, hutafuta alama. Sisi wa Kisumu tunaelekea kaskazini, mashariki kidogo. Anayeelekea ziwani kwa kuwa upepo ni mzuri hajajitahidi, amekisia. Hofu ya pili ya Shafii ni ya mahakamani: kila kadhi akifuata anachokiona chema, jambo moja litapata hukumu kumi, na hakuna kipimo cha kumwambia yupi amekosea.

Mahanafi husema hoja hii inampiga asiye na dalili, si wao. Ni kweli kwa sehemu. Lakini msiseme ugomvi ni wa jina tu, kwani kitanda chetu bado ni halali kwa mmoja na batili kwa mwingine.

Hatua ya 5: Jaribu njia ya Kishafii, uone inakofika. Mama mmoja darasani aliniuliza, "Sasa ustadh, nilale chini?" Hapana, mama. Nunua mbao mwenyewe, kisha mwajiri fundi kwa kazi ya mikono. Hiyo ni ijara, haina tatizo.

Ila sasa mbao ni zako na ziko kwake. Zikiibwa usiku? Fundi huhesabiwa kuwa ameshika amana yako, na kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba halipi ila akizembea au akivuka mipaka. Imamu Malik, mwenye madhehebu ya Kimaliki, anamlipisha, mpaka athibitishe kwamba mali ilipotea bila kosa lake. Hakuna aya inayotaja mafundi. Sababu ya Malik ni maslaha mursala, yaani manufaa ya watu ambayo hakuna andiko linaloyataja kwa kuyakubali wala kuyakataa: mteja hawezi kulala karakana, na fundi asiyedaiwa chochote anaweza kusema "imeibwa" kila wiki. Imepokewa kutoka kwa Ali kwamba watu hawatengenei ila kwa hilo.

Hatua ya 6: Pima maslaha yenyewe. Ghazali, Mshafii aliyefariki 505 Hijria (1111), hakufunga mlango kabisa. Alitaka maslaha iwe ya dharura, ya yakini, na ya umma mzima. Mfano wake ni adui anayewatanguliza mateka Waislamu kama ngao, huku umma wote ukiwa hatarini kuangamia. Mbao zako haziufikii umma mzima, kwa hiyo kipimo cha Malik ni kipana kuliko chake. Ibn Hazm wa Andalusi hata hafiki hapa, kwani yeye anakataa kiyasi chenyewe.

Yule mama alinunua mbao zake, akazirudisha nyumbani kila magharibi kwa mkokoteni. Fundi alinung'unika siku nne, akamaliza kitanda siku ya tano.