Kuweka miadi kwa niaba ya kampuni ukiwa mbali: kamisheni ianzie wapi na daftari liandikweje

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni ina afisa mauzo anayejua kuieleza bidhaa, ila hana muda wa kutafuta watu. Wewe, popote ulipo, unatafuta wateja watarajiwa, unawapigia au kuwaandikia, unawachuja, na anayefaa unamwekea miadi na afisa mauzo kwa simu au kwa video. Biashara inafungwa na mwingine, wewe ukiwa hupo. Kwa hiyo pesa yako inategemea jambo usiloliona kwa macho, na ugomvi mwingi wa kazi hii unaanzia hapo. Namna ya kuongea na mteja nitaigusa tu. Nitakaa zaidi kwenye makubaliano na daftari, maana ndiko nilikoumia mimi.

Hatua ya 1: Andikeni miadi ni kitu gani

Usipige simu hata moja kabla neno "miadi" halijaandikwa maana yake. Nikiulizwa, napendekeza hivi: miadi halali ni mazungumzo yaliyohudhuriwa na mtu mwenye uamuzi wa kununua, ambaye alishataja mwenyewe tatizo analotaka litatuliwe, na aliyekaa kwenye mazungumzo angalau dakika 10. Kila kipande hapo kinaweza kukaguliwa. Wakikuandikia "mteja mwenye nia ya kweli", kataa kwa adabu. Nia inapimwa na nani? Itapimwa na anayelipa, tena siku ya kulipa.

Kisha ongeza sharti moja ambalo wengi hulisahau: afisa mauzo ajaze matokeo ndani ya saa 48, na asipojaza, miadi ihesabiwe kuwa imehudhuriwa. Bila sharti hilo, mstari mtupu unakuumiza wewe peke yako. Likiwepo, yeye ndiye anayekumbuka kujaza.

Hatua ya 2: Chagua kamisheni ianzie wapi

Kuna sehemu tatu za kawaida: miadi inapowekwa, inapohudhuriwa ikiwa halali, au mauzo yanapofungwa. Tuchukue mwezi mmoja wenye miadi 40 zilizowekwa. Zilizohudhuriwa ni 26, halali kati ya hizo ni 19, na mauzo yakafungwa 5, kila moja la thamani ya 1,000 kwa sarafu unayoitumia.

Ukilipwa 10 kwa kila miadi iliyowekwa, unapata 400. Ukilipwa 20 kwa kila miadi halali, unapata 380, na ukiongezewa asilimia 4 ya mauzo, ambayo ni 200, jumla inakuwa 580. Ukilipwa asilimia 10 ya mauzo peke yake, unapata 500.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: afisa mauzo yuko likizo nusu ya mwezi, na mauzo yanafungwa 2 badala ya 5. Kazi yako haijapungua hata chembe. Mpango wa kwanza bado unakupa 400, wa pili 460, wa tatu unashuka hadi 200. Ndiyo maana mimi napendelea wa pili. Ule wa kwanza unaonekana salama kwako, lakini kampuni itauchoka upesi, kwa sababu unamlipa mtu kujaza kalenda kwa majina. Wa tatu unakubebesha udhaifu wa mtu mwingine, na bado unasubiri mteja alipe kwanza.

Mkikubaliana asilimia ya mauzo, andikeni mambo mawili zaidi. La kwanza, mteja uliyemleta anabaki kuwa wako kwa muda gani. Siku 90 zinatosha kwa biashara nyingi. La pili, mteja akirudishiwa pesa yake, kamisheni inakatwaje. Kukatwa ni haki, ila kuwe na mwisho. Siku 30 zikipita, isiguswe tena.

Hatua ya 3: Daftari moja, macho mawili

Mfumo wa bei mbaya si lazima. Jedwali la Google Sheets linatosha, mradi wewe na afisa mauzo mnaandika kwenye jedwali moja. Safu ninazotumia: tarehe niliyoweka, jina, namba ya simu, chanzo, tarehe na saa ya miadi, na hali. Hali ziwe chache, zichaguliwe kwenye orodha, zisiandikwe kwa mkono: IMEWEKWA, HALALI, SI HALALI, HAKUJA, IMEAHIRISHWA. Mtu akiruhusiwa kuandika apendavyo, utakuta "hakuja", "hakutokea" na "hapatikani", na hesabu haitafungana.

Tatizo kubwa la daftari ni mtu mmoja kuingizwa mara mbili. Mara nyingi si wizi. Ni namba ileile iliyoandikwa kwa namna mbili, moja ikianza na sifuri, nyingine na alama ya kujumlisha na namba ya nchi. Kwanza ifanye safu ya simu iwe maandishi tupu (Format, kisha Number, kisha Plain text), la sivyo jedwali litaila sifuri ya mwanzo. Kisha linganisha tarakimu 9 za mwisho. Ikiwa simu iko safu ya C, weka hizi kwenye G2 na H2, halafu uburute chini:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(C2," ",""),9)
=COUNTIF(G$2:G2,G2)
```

H ikionyesha 2 au zaidi, huyo ulishamwingiza. Mfute mwenyewe kabla hajaonekana na mwingine. Kama namba za wateja wako zina tarakimu chache zaidi, punguza hiyo 9.

Jambo la mwisho hapa: omba ruhusa ya kuhariri jedwali, si ya kutazama tu. Mwenye ruhusa ya kutazama hawezi kufungua Version history, na humo ndimo mnamoonekana nani alibadilisha nini na lini.

Hatua ya 4: Simu, na ile "ndiyo" ya kukufukuza

Sisi ni watu wa adabu, na mteja wetu hapendi kukuambia hapana. Sikiliza hii:

"Basi nikuwekee Alhamisi?"
"Haya, wewe weka tu."
"Asubuhi au mchana?"
"Yoyote. Utanitumia ujumbe."

Nilipoanza niliziandika zote hizo IMEWEKWA, na nusu hazikutokea. Huyu bwana hajakubali, anakuaga. Siku hizi simwandiki mpaka atimize mambo mawili: achague saa kwa kinywa chake, na ajibu mwaliko wa kalenda au ujumbe wangu kabla simu haijakatwa. Nasubiri kwenye laini. "Naona umeufungua, asante sana." Miadi zangu zilipungua mwezi huo, lakini wanaohudhuria hawakupungua.

Halafu saa. Ukisema "saa nne" na kalenda ikaandika 4:00, umeshampoteza. Rudia kwa namna zote mbili: "saa nne asubuhi, yaani kwenye skrini utaona 10:00." Mkiwa nchi tofauti, acha kalenda yenyewe igeuze saa, usipige hesabu kichwani. Siku moja kabla, tuma ujumbe wenye swali, si ukumbusho mtupu: "Kesho utakuwa kwenye kompyuta au kwenye simu, ili nikutumie kiungo kinachofaa?" Asiyejibu swali jepesi kama hilo, mpigie.

Hatua ya 5: Kagua kila Ijumaa

Usingoje mwisho wa mwezi. Kila Ijumaa naliweka daftari kando ya kalenda, mstari kwa mstari. Kuna kampuni moja niliyoifanyia kazi ambako waliokuwa hawaji walikuwa wanne au watano kwa mwezi. Mwezi mmoja wakawa 11. Nikafungua historia ya mabadiliko: mistari saba ilikuwa HALALI, ikageuzwa HAKUJA usiku mmoja, ndani ya dakika sita, siku mbili kabla ya malipo.

Sikumwita mtu mwizi. Niliituma mistari ile saba, nikaambatisha ujumbe wa wateja watano walionishukuru baada ya mazungumzo, nikauliza tu kama kulikuwa na makosa ya kujaza. Walilipa tano. Mbili sikuwa na ushahidi nazo, zikaenda. Tangu hapo, kila miadi inapokwisha namwandikia mteja mstari mmoja: "Mazungumzo yalikwendaje?" Jibu lake linaingia kwenye daftari.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mteja hakuja, nikampangia upya, safari hii akaja. Nidai mara mbili?*

Hapana, mara moja. Na usifungue mstari mpya. Badilisha tarehe kwenye mstari uleule, hali iwe IMEAHIRISHWA mpaka ahudhurie. Ukifungua mpya, hesabu ya waliowekwa inavimba, na siku ikigundulika hata mistari yako ya kweli itatiliwa shaka.

*Nilimpigia mama mmoja, akasema atafikiria. Baada ya wiki tatu akajiandikisha mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Ni wangu au si wangu?*

Kama mkataba una siku 90 na jina lake lilikuwa kwenye daftari na tarehe, ni wako. Kama ulimpigia bila kumwandika, huna cha kuonyesha. Ndiyo maana wanaosema "nitafikiria" nao waandikwe, kwenye karatasi ya pili ya jedwali. Njia nyingine ni kumpa kila mtu kiungo chako chenye alama mwishoni, mfano `?utm_source=simu&utm_content=juma`. Ila kinasaidia akikibofya hicho tu. Akiandika anwani ya tovuti kwa mkono, alama haipo.

*Kaka, wameniahidi asilimia 30 ya mauzo bila mshahara. Nikubali?*

Usiiangalie 30 kwanza. Uliza mambo matatu: kati ya miadi 10 halali, afisa mauzo anafunga ngapi, tangu miadi mpaka mteja alipe zinapita siku ngapi, na waliokutangulia walikaa muda gani. Asiyeweza kujibu la kwanza hana daftari, na bila daftari hiyo 30 yako itahesabiwa kwa kukisia. Unaweza kuomba malipo ya awali ya miezi miwili yatakayokatwa kwenye kamisheni baadaye. Soma vizuri kama ni ya kurudishwa pale usipofikisha, maana hapo ni mkopo. Na wakikutaka ulipie "mafunzo" kabla ya kuanza, ondoka.

*Mimi nimenunua orodha ya namba 5,000 mtandaoni. Naanza na ipi?*

Usianze nayo. Hujui watu hao walikubali kupigiwa au la, na nchi nyingi sasa zina sheria za taarifa binafsi zinazokugusa wewe na kampuni pia. Halafu kwenye safu ya chanzo utaandika nini? Bosi akiuliza wateja hawa wametoka wapi, jibu liwe moja unaloweza kulionyesha. Kusanya 50 kwa mkono, kutoka kwenye kurasa za biashara zao wenyewe walikoweka namba ili wapigiwe, ukiandika ulimtoa wapi kila mmoja. Na akikuambia usimpigie tena, weka alama kwenye mstari wake, usiufute. Ukiufuta, mwezi ujao utampata tena na utampigia.