Kupangia wanafunzi shule kwa alama na machaguo yao kwenye Excel

Tuseme shule ya Bahari ina nafasi 2, Mlima 1 na Mto 2. Jumla ya alama ni kati ya 500, kama ilivyokuwa kwenye mtihani wa KCPE wa Kenya hadi ilipofanywa mara ya mwisho 2023.

Hatua ya 1. Andika jina safu A, jumla B, machaguo matatu C, D na E. Shule ziweke H2:H4, nafasi zake I2:I4. Machaguo yachaguliwe kwenye orodha kunjuzi, yasichapwe. "Bahari" yenye pengo tupu baada ya herufi ya mwisho ni shule nyingine kabisa kwa Excel, nayo itakuletea #N/A.

Hatua ya 2. Panga safumlalo zote kwa B, kubwa juu.

Hatua ya 3. Weka fomula hii F2, kisha iburute hadi chini:

```
=IF(COUNTIF(F$1:F1,C2)<VLOOKUP(C2,$H$2:$I$4,2,FALSE),C2,
 IF(COUNTIF(F$1:F1,D2)<VLOOKUP(D2,$H$2:$I$4,2,FALSE),D2,
 IF(COUNTIF(F$1:F1,E2)<VLOOKUP(E2,$H$2:$I$4,2,FALSE),E2,
 "HANA")))
```

COUNTIF inahesabu waliokwisha kupata shule hiyo juu ya mwanafunzi huyu. Ikiwa imejaa, fomula inahamia chaguo linalofuata.

Asha (412) anataka Bahari, anaipata. Baraka (398) anachukua Mlima. Chao (391) alitaka Mlima, imejaa, basi anapata chaguo lake la pili, Bahari. Dalila (377) alitaka Bahari, kisha Mlima; zote zimejaa, anakwenda Mto. Ekesa (377) aliomba Mto, naye anaipata.

Hatua ya 4. Nakili F na uibandike kama thamani. Usiruke hatua hii, la sivyo utajuta: ukipanga upya kwa majina huku fomula ingali hai, shule zinagawanywa upya kwa alfabeti.

Swali: Mwalimu, si haki zaidi kumaliza kwanza machaguo ya kwanza ya watu wote?

Jibu: Hapana. Bahari ingekwenda kwa Asha na Dalila, na Chao mwenye 391 angeangukia Mto huku Dalila wa 377 akiwa Bahari, kisa Chao alithubutu kuandika Mlima kwanza. Wazazi wakigundua hilo, wanaacha kuandika wanachokitaka na kuanza kubahatisha. Boston, Marekani, waliachana na utaratibu wa namna hiyo 2005. Kwa fomula yetu, kuandika ukweli hakumgharimu mtu, mradi orodha ya machaguo ni ndefu ya kutosha.

Swali: Dalila na Ekesa wamefungana. Wangegombea kiti kimoja?

Jibu: Aliye juu kwenye jedwali angekipata. Kwa hiyo tangazeni mapema kigezo cha pili, mfano alama za Hisabati, mkiongeze kama ngazi ya pili ya kupanga katika hatua ya 2.

Swali: Na viti vya wasichana au vya kata?

Jibu: Fomula hii haiwezi. COUNTIF ihesabu shule pamoja na kundi, yaani COUNTIFS, na kila kundi liwe na safu yake ya nafasi.