SOMO: Mwenzenu anapotegea kazi ya kikundi na alama ni za wote

Kikundi chetu kilikuwa cha watu wanne, mmoja akawa anategea. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, tuliiandika sehemu yake, tukaweka majina yote manne. Alama zilipotoka ndipo tukaenda kulalamika. Mhadhiri akauliza, "Mbona hapa pana majina manne?" Tukanyamaza. Kwa hiyo haya yote yafanyike kabla ya kukusanya.

Hatua ya 1. Wiki ya kwanza gaweni kazi kwa maandishi: nani, sehemu ipi, tarehe gani. "Tutasaidiana" si mgawanyo. Andikeni kwenye faili moja la pamoja. Kama ni Google Docs, Version history inaonyesha nani aliandika nini na lini.

Hatua ya 2. Tarehe ya kwanza ikipita bila kitu, mmoja wenu amfuate faragha, si kumsema kwenye grupu. Aulize kinachomkwamisha. Wengine wanaonekana wategeaji kumbe hawajaielewa sehemu yao, au wanauguza. Mpeni kipande kidogo, mathalani aya mbili ndani ya siku tatu. Akikileta, endeleeni naye.

Hatua ya 3. Asipokileta, mwandikieni mhadhiri kwa ufupi: mgawanyo ulikuwa huu, tarehe zilikuwa hizi, tulimfuata siku fulani. Msimwite mvivu, tarehe zinatosha. Mwambieni yeye pia kwamba mmeandika.

Hatua ya 4. Ombeni wanakikundi wapimane. Tuseme kazi imepata 60. Kila mmoja anawapa wenzake pointi kati ya 0 na 5, na wastani unakuwa 4, 4, 4 na 2. Wastani wa kikundi ni 3.5. Aliyepata 2 ana 2 ÷ 3.5, yaani 0.57, na wenzake wana 1.14. Ukizidisha moja kwa moja, anabaki na 34, na hiyo ni adhabu kali. Mimi napendelea nusu ya alama iwe ya wote, nusu ndiyo izidishwe: yeye anapata 47, wenzake 64.

MASWALI

Swali: Mkuu, je, watatu wakikula njama dhidi ya mmoja?
Jibu: Inatokea, ndiyo maana pointi zisisimame peke yake. Mhadhiri azilinganishe na historia ya faili. Aliyepewa 1 huku faili linaonyesha kurasa sita zake, hapo kuna chuki.

Swali: Sisi tunakusanya kesho, na hatukuandika popote. Tufanyeje?
Jibu: Pole sana. Mwandikieni mhadhiri leo hii, na kila mmoja ataje sehemu aliyoifanya, aliyetegea pia apewe nafasi ya kutaja yake. Sehemu yake msiijaze kimyakimya. Mkilazimika kuijaza ili kazi isikwame, semeni ni nani aliyeiandika.

Swali: Na kama mhadhiri anakataa kabisa kupimana?
Jibu: Basi mwombeni kila mtu aulizwe maswali mafupi ya mdomo kuhusu sehemu yake. Ambaye hakuifanya hataweza kuieleza.