SOMO: tsp na tbsp si kijiko kimoja. Soma hapa kabla hujapima

Wapendwa wa jikoni, nimejibu swali hili hadi vidole vimechoka. Karibu kila picha ya keki iliyobonyea ninayotumiwa, nikiuliza resipi naletewa ya Marekani au Uingereza, na nikiuliza umepima na nini naambiwa "na kijiko." Kijiko kipi? Naandika mara moja, na kuanzia leo anayeuliza nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Soma resipi yote mpaka mwisho kabla hujafungua unga.

Hatua ya 2. Tafuta herufi b. tsp ni kijiko cha chai, mililita 5. tbsp ni kijiko kikubwa cha chakula, mililita 15. Kikubwa kimoja ni sawa na vidogo vitatu. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo soma taratibu. Kwenye simu ndogo maneno haya mawili yanafanana sana, jicho linapita tu. Resipi za zamani za Kimarekani ni mbaya zaidi, kwa sababu zinaandika herufi moja: t ndogo ni kijiko cha chai, T kubwa ni kijiko kikubwa. Mtu akikunakilia kwa mkono au akikutumia kwa meseji, T na t zinaweza kubadilishana bila yeye kujua. Ukipata resipi ya namna hiyo, usipime chochote mpaka umefika hatua ya 6.

Onyo jingine: ukiitafsiri resipi kwa simu, unaweza kukuta vyote viwili vimeandikwa "kijiko." Rudi kwenye maandishi ya asili. Na ukiona 1 1/2 tsp, hiyo ni kijiko kimoja na nusu. Kama mstari umekatika na 1 imebaki juu peke yake, utaishia kuweka nusu tu.

Hatua ya 3. Jua resipi ni ya nchi gani. Marekani na Uingereza tbsp ni mililita 15. Australia ni 20, yaani vijiko vinne vya chai. Kwenye mafuta au sukari tofauti hiyo hutaiona, lakini kwenye beking pauda utaiona.

Hatua ya 4. Pima kijiko chako. Nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la mililita 5, wala huhitaji sindano yenyewe. Vuta maji mpaka alama ya 5, mimina kwenye kijiko chako cha chai. Yakijaa bila kumwagika, kijiko hicho ni tsp. Yakimwagika, ni kidogo mno. Yakibaki chini ya ukingo, ni kikubwa mno. Kijiko kikubwa kinatakiwa kijae kwa mabomba matatu. Vijiko vya sokoni vinatofautiana sana, hata vya seti moja havilingani na kipimo, kwa hiyo ukipata kinacholingana kifunge uzi kisiende kukoroga chai.

Hatua ya 5. Kijiko kinapimwa flati: jaza, kisha pitisha mgongo wa kisu juu.

Hatua ya 6. Linganisha na unga. Hata kama maandishi yamekosewa, unga utakuambia. Kikombe kimoja cha Kimarekani cha unga wa ngano, kama gramu 120 hadi 125, kinahitaji takriban kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, au robo tu ya kijiko cha chai cha beking soda, kwa sababu soda ina nguvu mara tatu hadi nne.

Tuchukue keki ya ndizi ambayo wengi mmeniletea: unga vikombe 2, 1 tsp beking soda, 1/2 tsp chumvi, siagi, sukari, mayai 2 na ndizi mbivu za kuponda. Kwa hesabu yetu vikombe 2 vinataka nusu kijiko cha soda. Resipi imeweka kimoja, bado inakubalika, maana ndizi mbivu zina uchachu kidogo wa kuifanyia soda kazi. Sasa mtu akasoma tbsp. Ameweka vijiko vitatu vya chai, mara sita ya kile unga unachohitaji. Soda iliyokosa uchachu wa kutosha inageuka kwa moto wa oveni kuwa sodiamu kaboneti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya magadi. Ndiyo maana keki inakuwa na ladha ya sabuni, kama maharage yaliyozidishiwa magadi. Rangi inakuwa ya kahawia nzito hata ndani, na keki inaumuka haraka kisha inabonyea katikati. Ukiona vitu hivyo vitatu pamoja, usilaumu mayai. Ni soda.

Beking pauda ni tofauti: 1 tbsp kwa unga vikombe 3 ni sahihi kabisa, usiogope.

MASWALI

Mama Careen, Njiro: Kwa hiyo tbsp ni kijiko cha chai au cha chakula?

Jibu: Hatua ya 2, mama. Mstari wa kwanza.

Kaka wa Pasua: Mimi napima kwa macho miaka yote na keki zinatoka.

Jibu: Kaka, resipi uliyoizoea mkono unaijua. Somo hili ni la resipi usiyoijua. Picha uliyotuma juzi ilikuwa ya resipi mpya.

Dada Upendo, Sakina: Nimefuata vipimo vyote lakini mkate ulikuwa na chumvi kali. Wameandika 2 tsp kosher salt.

Jibu: Umeuliza jambo zuri, dada. Hiyo ni chumvi ya chengachenga kubwa ya Kimarekani. Chenga zinaacha nafasi katikati, kwa hiyo kijiko chake ni chepesi. Kuna aina ambayo kijiko cha chai ni kama gramu 3, wakati chumvi yetu laini ya mezani ni kama gramu 6. Anza na nusu: badala ya 2 tsp weka 1.

Mdau wa Machame: Shikamoo. Mama aliwahi kufanya kazi kwa Wajerumani, ana daftari la resipi zao limeandikwa TL, EL na Pck. Ni nini?

Jibu: Marahaba, mtunze mama na daftari lake. TL ni kijiko cha chai, EL ni kijiko kikubwa, vipimo ni vilevile 5 na 15. Pck. ni pakiti. Pakiti ya beking pauda ya Kijerumani ina kama gramu 15 hadi 16 na imekusudiwa unga nusu kilo. Kwa kijiko ni takriban vijiko vinne vya chai flati. Ukikuta Msp., ni kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kisu. Unga wao wanaandika kwa gramu, kwa hiyo tafuta mzani.

Bint Rau: Stick ya siagi je?

Jibu: Gramu 113. Chini kidogo ya nusu ya pakiti ya gramu 250.

Mama Careen, Njiro: Nimeona, asante. Ila nimehama kutoka Moshi, na keki ileile, kijiko kilekile, huku Arusha inabonyea. Bomba la sindano limekubali kijiko.

Jibu: Hapo sasa mama umeniuliza swali lenyewe. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mko chini ya 1,000. Hewa huku ni nyepesi, vipovu vya keki vinapanuka zaidi na kuinua unga kabla haujashika, halafu unaanguka. Kwa kila kijiko cha chai cha beking pauda punguza kama sehemu moja ya nane, na ongeza kijiko kikubwa kimoja cha maziwa kwenye mchanganyiko. Usipunguze zaidi ya hapo mara ya kwanza. Ikibonyea tena, punguza sukari kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, kisha uniandikie imetokaje.