SOMO: Duka la mfumo uliozoeleka, jina la kukodi, au wazo lako? Piga hesabu kwanza

Ukitaka kufungua duka una njia tatu: kuiga duka la kawaida, kulipia haki ya kutumia jina la biashara inayojulikana, au kuanzisha wazo lako jipya. Chukua duka ambalo mauzo yake ya mwezi ni 100, kwa sarafu yoyote. Bidhaa zimenunuliwa kwa 65, zimebaki 35. Kodi ya fremu, mshahara na umeme ni 22. Mwenye duka anabaki na 13.

Hatua ya 1: Ingiza ada ya jina. Tuseme mwenye jina anadai mrabaha asilimia 6 na mchango wa matangazo asilimia 2. Hizi hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ile 13 inashuka hadi 5. Ili uirudishe unahitaji mauzo ya karibu 130. Kwa hiyo jina lisipokuletea wateja theluthi moja hivi zaidi, unamfanyia mwenzako kazi. Duka la kawaida lisilo na jina halina mzigo huu. Mfumo wake unauona mtaani bure.

Hatua ya 2: Hesabu watu. Simama karibu na duka linalofanana na unalolitaka, siku ya kawaida, ya mapumziko na ya mwisho wa mwezi. Andika wanaotoka na mzigo. Wanaoingia tu hawakulipii kodi ya fremu.

Hatua ya 3: Pima shimo la wazo jipya. Hapa hakuna duka la kusimama karibu nalo, kwa hiyo kisia kwa ubahili. Gharama zikiwa zilezile, ukianza na mauzo ya 30 yakapanda 10 kila mwezi, utakula hasara miezi minne, jumla 25. Yakipanda 5 tu, ni miezi saba na hasara karibu 44. Fedha hiyo iwepo pembeni, mbali na ya kufungulia. Mawazo mazuri mengi hufia hapa, wateja wakiwa ndiyo kwanza wanazoea.

MASWALI

*Mwenye jina amenionyesha duka lake linalouza sana. Inatosha?*
Hapana, atakuonyesha lililo bora. Omba orodha ya waliofunga au kutoka, uwapigie. Uliza pia kama unalazimika kununua bidhaa kwake: akikuuzia ghali kuliko soko, huo ni mrabaha wa pili usioandikwa.

*Wazo langu kila mtu analisifu. Nipunguze makadirio ya hasara?*
Sifa hazina bei. Chukua oda kwa malipo ya awali kabla hujakodi fremu, kisha hesabu waliotoa fedha. Mwezi unaofuata angalia wangapi wamerudi bila kukumbushwa.

*Naweza kuchanganya?*
Ndiyo, na mwenye mtaji mdogo ningemshauri hivyo. Fungua duka lililozoeleka, upya wako uupe rafu moja. Rafu hiyo iandikie daftari lake, la sivyo mauzo ya duka yataficha hasara yake.