Peipa ya tatu ya Kiswahili: jinsi ya kugawa dakika 150 bila kuachia swali la nne nusu ukurasa

Watu wangu wa fomu foo, hii ni ya Fasihi, 102/3. Mnajua masharti, saa mbili na nusu, maswali manne, la kwanza lazima, kila moja alama 20, jumla 80. Mimi nilipoifanya nilikaa kwa swali la kwanza karibu dakika 55 juu nilikuwa nalijua sana, nikajaza kurasa tano, halafu la nne nikaandika hoja tatu tu kengele ikalia. Shida haikuwa kusoma, ilikuwa saa.

Sasa hesabu yenyewe. Kila alama ipe dakika moja na nusu. Alama 20 ni dakika 30, mara nne ni 120. Unabaki na dakika 30, na hizo ndizo siri ya peipa: 10 za kusoma maswali na kuchagua, 12 za kupanga hoja (tatu kwa kila swali), 8 za kupitia mwishoni. Mkianza tuseme saa tatu kamili, saa 3:22 ndio unaanza kuandika jibu la kwanza. Unahamia la pili 3:52, la tatu 4:22, la nne 4:52, na 5:22 unaanza kupitia. Andika hizo saa kwa penseli juu ya karatasi ya maswali kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ukishaingia kwa jibu hutakumbuka kupiga hesabu.

Hatua ya kupanga ndio wengi wanaruka, na hapo ndipo alama zinapotea. Chukua swali kama hili: "Fafanua changamoto tano za kukusanya fasihi simulizi nyanjani (alama 10)". Kwa ukurasa wa mwisho wa kijitabu mwanafunzi wangu mmoja aliandika hivi:

gharama – nauli, vifaa
lugha – mkalimani
wazee kushuku – jasusi?
ukosefu wa pesa
barabara mbovu – mvua

Angalia ya kwanza na ya nne. Ni hoja moja imevaa nguo mbili. Angeanza tu kuandika bila kupanga angegundua akiwa aya ya nne, ama asigundue kabisa, na msahihishaji hatoi alama mara mbili kwa hoja moja. Akafuta ya nne akaweka "kinasa sauti kuharibika – data kupotea", sekunde kumi tu. Kila hoja iwe na neno moja la mfano kando yake, kwa sababu swali linasema fafanua, halisemi taja. Ukikosa neno la kuweka kando, hiyo hoja hujaielewa, tafuta ingine.

Na panga yote manne kabla ya kuandika hata moja. Ukiwa katikati ya jibu la pili, hoja ya swali la nne huwa inajileta yenyewe, unaiongeza kwa orodha yako unaendelea.

Maswali yenu:

Binti wa Kilifi: Mwalimu, dakika 22 bila kuandika si nitaingiwa na baridi nikiona wenzangu wako ukurasa wa pili?
– Utaingiwa, ndio. Lakini hao wenzako wanafikiria na kuandika kwa wakati mmoja, ndio unawaona baadaye wakifuta aya nzima.

Otis: Na kama saa 3:52 imefika na bado niko na hoja mbili?
– Acha nafasi ya mistari kama kumi, uhamie. Hizo mbili pengine ni alama tatu au nne, na mara nyingi ndizo ngumu ndio maana umezichelewesha. Dakika hizo hizo mwanzoni mwa swali lingine, ambapo hoja bado ni rahisi, zinakupa zaidi. Utarudi kwa zile dakika 8.

Mama Shiku: Kijana wangu anaandika ukurasa mzima kwa "eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)". Ni sawa?
– Hapana mama. Alama 4 ni dakika 6. Muktadha ni nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na ni kwa sababu gani. Sentensi nne zinatosha. Akianza kusimulia hadithi yote anaiba dakika za ile sehemu ya alama 12 iliyo chini yake.

Otis tena: Ule mpango nikiuacha hapo nyuma utasahihishwa?
– Upige mstari mmoja wa kukata ukimaliza, ijulikane ni kazi ya kando. Lakini usiukate mapema. Dakika zikikuishia kabla ya swali la nne kuisha, angalia orodha yako, uandike kila hoja iliyobaki kwa sentensi moja kamili na mfano wake. Ndio ukate.